Uliniuliza Habari za Chuma

Hotuba kwa wafasiri wa hospitalini na wanafunzi wa radiografia, Upper Hill, Nairobi

Hamjambo wenzangu. Mwenyekiti amenikaribisha kwa sifa nyingi, na mimi nimekuja kuwasimulia kosa langu, kwa hiyo sifa hizo tuziweke pembeni kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa fomu ya kurasa mbili niifasiri kwa Kiswahili. Ni ile fomu ya maswali anayoulizwa mgonjwa kabla ya kuingia chumba cha MRI. Niliimaliza jioni moja, nikalipwa, nikalala usingizi mzuri. Swali la kwanza nililiandika hivi: "Je, una kipandikizi chochote cha metali mwilini mwako?" Kamusi iliniunga mkono kwa kila neno. Mhariri hakugusa hata koma.

Halafu akaja mzee mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika, ila yaliyotokea ni hayo hayo. Alikuwa amepita miaka 70, mgongo unamsumbua, miguu inakufa ganzi, na daktari alitaka kuona uti wa mgongo. Radiografa, dada mchangamfu, akamsomea fomu yangu swali kwa swali. Kipandikizi? Hapana. Kidhibiti mapigo ya moyo? Hapana. Akatia alama kote, mzee akaenda nyuma ya pazia kuvaa gauni la hospitali.

Zile kamba za mgongoni zikamshinda, akaomba asaidiwe. Yule dada alipokuwa anamfungia akaona, upande wa kifuani, chini ya mfupa wa bega la kushoto, kovu la urefu wa kidole, na chini ya ngozi kitu kimetuna kama kiberiti kilichofunikwa na shuka.

"Mzee, hapa pana nini?"

"Hapo? Hiyo ni betri ya moyo."

"Na si nimekuuliza sasa hivi kama una kitu mwilini?"

"Uliniuliza habari za chuma, mwanangu. Hii si chuma, ni mashine. Na hivyo vipandikizi si vya akina mama?"

Nilipopigiwa simu nikaelezwa, nilitaka kumlaumu mzee. Nikasoma tena fomu yangu, nikaona mzee amejibu kweli tupu. Muulize mtu yeyote pale kituoni Railways kipandikizi ni nini. Atakuambia ni kile kijiti cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi, na hakosei, maana ndivyo kliniki zetu zinavyokiita. Wengine watafikiria figo ya kupandikizwa. Metali ni neno la darasani. Mgonjwa akilisikia analigeuza chuma, na chuma kwake ni nondo, ni sufuria nzito, ni kitu cha kushika kutu. Ukimwambia kidhibiti mapigo ya moyo, anawaza ni dawa ya presha. Kile kilicho kifuani mwake, tangu siku alipowekewa, daktari, muuguzi na binti yake wamekiita betri. Wengine hukiita pesimeka. Fomu yangu haikuwa na betri wala pesimeka.

Sasa, kwa nini jambo hili si la kucheka tu? Wanafunzi wa radiografia mtanivumilia, nawaeleza wafasiri.

Ndani ya ile mashine mna sumaku, na katika mashine nyingi za hospitali nguvu yake ni tesla 1.5 au 3. Tesla 1.5 ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira. Na haizimwi. Jioni kliniki ikifungwa iko kazini, stima ikipotea iko kazini, kwa sababu umeme unazunguka ndani ya nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya maji maji, nao hauhitaji kuongezwa ili uendelee kuzunguka. Kwa hiyo fomu ikisema "wakati mashine inafanya kazi" imeshapotosha. Binti anayemshika mama yake mkono hadi kitandani anadhani hatari haijaanza kwa vile kelele haijaanza. Yeye pia anapaswa kuulizwa maswali yote, kabla ya mlango.

Sumaku hiyo huvuta na kuzungusha chuma chenye asili ya kuvutwa. Mwaka 1993 majarida ya radiolojia yalichapisha habari ya mgonjwa aliyefariki kwa sababu ya kibanio kidogo cha aina hiyo kilichokuwa kimebana mshipa uliovimba kichwani mwake. Kilizunguka, mshipa ukachanika. Hatari hiyo watu huielewa haraka.

Ile isiyoeleweka haraka ni ya mawimbi ya redio. Ili kupata picha, mashine ya tesla 1.5 hurusha mawimbi ya takriban megahezi 64, chini kidogo tu ya masafa ya FM mnayosikiliza kwenye matatu. Waya mrefu mwilini hugeuka antena. Hata kama haukuvutwa na sumaku hata kidogo, unaweza kupokea nguvu hiyo na ncha yake ikapata moto. Ncha ya waya wa pesimeka imechomekwa kwenye nyama ya moyo. Pia betri zile za zamani zinaweza kuchanganyikiwa ndani ya sumaku, zikaacha kupiga zinapohitajika, au zikapiga zisipohitajika. Ndiyo maana yule mgonjwa anayesema "yangu si chuma, ni titani, haivutwi na sumaku" amesema kweli na bado hajajibu swali.

Turudi kwa mzee wetu, maana kisa chake kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Radiografa alisimamisha kila kitu na kuuliza kadi. Kila anayewekewa pesimeka hupewa kadi yenye jina la kifaa, namba yake, aina ya nyaya na tarehe ya kuwekwa. Kadi ya mzee ilikuwa nyumbani, kwenye mkebe wa biskuti pamoja na hati ya shamba. Mwanawe akatafutwa, akapiga picha, akatuma kwa WhatsApp. Ikafika na ujumbe: "Imeandikwa iko sawa na MRI." Radiografa akaikuza kwenye skrini. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa `MR Conditional`, na kando yake pembetatu ya njano.

Hapo pana mtego wa tafsiri ambao nimeuona ukinasa watu wenye shahada. Neno hilo halisemi "salama kwa MRI". Linasema kifaa kinaweza kuingia kwa masharti, na masharti hayo yameandikwa mahali: nguvu ya sumaku ni ngapi, nyaya ni za aina gani, imepita muda gani tangu upasuaji, na betri iwekwe katika hali gani kabla ya kupimwa. Alama ya kijani yenye maana ya salama kabisa huwekwa kwenye vitu visivyo na chuma wala umeme ndani yake, kama vile bakuli la plastiki. Pesimeka haiwezi kuwa nayo. Mimi huandika "inaruhusiwa kwa masharti", na neno masharti nalikoleza wino.

Pesimeka za kwanza za aina hii ziliidhinishwa Marekani mwaka 2011, kwa hiyo wapo watu wanaotembea mjini humu na za zamani zaidi. Ya mzee ilikuwa mpya. Mtaalamu wa moyo akaitwa, maana kabla ya kupimwa ni lazima betri iunganishwe na kompyuta yake na kubadilishwa mtindo wa kupiga, mgonjwa aangaliwe mapigo na oksijeni muda wote akiwa ndani, kisha akitoka irudishwe ilivyokuwa. Huyo mtaalamu, kabla hajafungua kompyuta, akaomba eksirei ya kifua.

Eksirei ikaonyesha nyaya mbili. Mmoja ulitoka kwenye betri ukaingia moyoni. Wa pili ulianzia karibu na betri lakini haukuungwa nayo. Ulikuwa umefunikwa ncha na kuachwa.

Mzee akaulizwa. "Ee, huo wa kwanza uliharibika mwaka ule wa pili. Wakaweka mwingine. Huo wa zamani walisema kuutoa ni hatari, wauache tu ulale."

Kadi ilitaja ule mpya peke yake. Na masharti ya kifaa hicho yalikuwa ya mfumo mzima, betri na nyaya zake, bila waya mwingine ulioachwa mwilini. Waya ulioachwa haujaungwa na betri, uko pale tu kama antena. Nijuavyo, zipo hospitali zenye wataalamu wa kutosha ambazo hupima hata wagonjwa wa namna hii kwa uangalizi wa pekee, faida ikizidi hatari. Huo ni uamuzi wa madaktari. Siku ile daktari aliyemtuma aliona kwamba kipimo cha CT, kinachotumia eksirei badala ya sumaku, kingemtosha, maana swali lake kubwa lilikuwa mifupa imebana neva au la. Mzee akapigwa CT kesho yake, ikaonekana imebana.

Jiulizeni sasa: swali langu lingekuwa zuri kiasi gani kumfanya mzee ataje ule waya? "Una betri ya moyo?" lisingetosha. Kiambishi cha swali hilo ni cha sasa, nalo linajibiwa kwa habari za sasa. Yule aliyetolewa betri na kuachiwa nyaya atakwambia hana, na ni kweli hana betri. Kiswahili kina chombo chake kwa kazi hii, nacho ni "umewahi". Leo naandika hivi:

"Umewahi kuwekewa betri ya moyo (pesimeka), hata kama ilishatolewa au kubadilishwa? Kuna waya wowote ulioachwa ndani?"

Na lile swali la kwanza, lililoniaibisha, nimelivunja kabisa. Sijataja metali, sijataja kipandikizi. Limesimama juu ya vitenzi vitatu:

"Kuna kitu chochote kilichowekwa mwilini mwako na daktari, au kilichoingia kwa ajali, kikabaki humo?"

Kuwekwa, kuingia, kubaki. Baada ya hapo ndipo mifano inafuata kwa majina ya watu: betri ya moyo, kile cha kuzibua mshipa wa moyo, kibanio kichwani, mashine ya kusikia iliyopandikizwa sikioni, pleti au skrubu kwenye mfupa, koili ya kupanga uzazi, risasi, kipande cha chuma au bomu. Mtaona sikusema "umefanyiwa upasuaji?" kama swali la kufungua. Liko, lakini baadaye. Mtu aliyepitishiwa waya kwenye mkono hadi kwenye moyo akawekewa stenti, ndicho kile cha kuzibua mshipa, akiwa macho, akazungumza na daktari muda wote, akaenda nyumbani kesho yake, hajioni kama amepasuliwa. Atakuambia "nilipitishwa waya tu." Stenti nyingi hazina tatizo, lakini radiografa lazima ajue ipo.

Na hiyo koili ina kituko chake. Radiografa huita koili ile fremu anayokuwekea kichwani ili kupokea mawimbi. Mama mmoja, akiwa ameshalazwa, aliambiwa "sasa tunakuwekea koili kichwani." Alikaa wima. Koili anayoijua yeye haiwekwi kichwani. (Ya shaba, kwa taarifa yenu, haivutwi na sumaku, na kwa kawaida haizuii kipimo.)

Swali la macho ndilo la pili ambalo nilikuwa nimeliharibu. Niliandika "Umewahi kujeruhiwa macho na metali?" Mpelekee swali hilo fundi wa kuchomelea pale Kamukunji. Kujeruhiwa kwake ni damu, ni kushonwa, ni kulazwa. Kile kichembe kilichoruka kutoka kwenye grinda kikamwingia jichoni, akakitoa mwenzake kwa ncha ya kitambaa, akaendelea kukata bati, hicho si jeraha. Ni Jumanne ya kawaida. Lakini chembe kama hiyo ikiwa imebaki ndani ya jicho, sumaku inaweza kuisogeza. Mwaka 1986 iliandikwa habari ya mfanyakazi wa mabati aliyevuja damu ndani ya jicho baada ya MRI kwa sababu hiyo, naye hakuwa na habari kwamba alikuwa nayo.

Kwa hiyo swali linaanzia kwenye kazi, si kwenye jeraha: "Umewahi kufanya kazi ya kuchomelea, kukata au kusaga chuma, hata kwa muda mfupi?" Akisema ndiyo: "Kuna siku chembe iliingia jichoni?" Akisema ndiyo: "Nani aliitoa, na ulijuaje kwamba imetoka yote?" Kama aliyeitoa si daktari wa macho aliyethibitisha kwamba jicho ni safi, anapigwa eksirei ya macho kwanza. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Angalieni maswali yale matatu yanavyokwenda. Hakuna hata moja linalomtaka fundi ahukumu kama ameumia. Anaulizwa vitu alivyoviona kwa macho yake.

Nije kwenye jambo ambalo wafasiri mtalipenda, nalo ni ndiyo na hapana.

Radiografa amechoka, foleni ni ndefu, anasoma fomu kwa kufupisha: "Mzee huna betri ya moyo, sivyo?" Kwa Kiswahili, mtu asiye nayo hujibu "Ndiyo", yaani ndiyo ulivyosema, sina. Na mwenye nayo hujibu "Hapana", yaani hapana, umekosea, ninayo. Sasa angalia fomu. Ina visanduku viwili, vya lugha nyingine kabisa, ambako ndiyo maana yake ni ninayo. Aliye salama anatiwa alama kwenye ndiyo, anasumbuliwa bure. Aliye hatarini anatiwa alama kwenye hapana, anaingizwa ndani. Hakuna aliyedanganya. Swali lilikanusha, jibu likaujibu ukanushaji huo.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, swali lisikanushe kamwe, hata kwa mzaha. Pili, tusiandike ndiyo na hapana kwenye visanduku. Tuandike "Ninayo", "Sina" na "Sijui". Hicho cha tatu nakigombania kila mara, maana wasanifu wa fomu hupenda kukifuta ili ukurasa upumue. Mama aliyefanyiwa operesheni ya kichwa akiwa msichana hajui aliachiwa nini humo. Mkimpa njia mbili tu, atachagua ile isiyomchelewesha. Mkimpa "Sijui", atakwambia hajui, na hapo kuna pa kuanzia: faili la zamani, eksirei, simu kwa hospitali ile.

Nimetaja kuchelewa. Hapo ndipo kweli inapokwama hata swali likiwa zuri. Mtu amechanga hela, ameomba ruhusa kazini, ametoka Kitengela saa kumi na moja alfajiri. Anaona fomu, anajua kunusa mtihani. Kila "ninayo" inanuka kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo juu ya maswali yote niliweka sentensi tatu ambazo hazimo kwenye fomu ya asili, na nilibishana na aliyeniajiri kwa ajili yake:

"Ukijibu 'Ninayo', kipimo chako hakijafutwa. Tutaangalia kitu hicho ni cha aina gani. Wengi wenye vitu mwilini hupimwa siku hiyo hiyo."

Ni kweli, kwa sababu pleti na skrubu nyingi za mifupa, na stenti nyingi, hazizuii. Aliyeniajiri alisema naongeza maneno yasiyokuwepo. Nilimwambia maneno hayo yapo, yako kichwani mwa mgonjwa wa kule ilikoandikwa fomu, aliyezoea hospitali hizo tangu utotoni. Mgonjwa wetu hayako kichwani mwake, basi lazima yawe kwenye karatasi. Nilishinda, ingawa ilinigharimu barua pepe nyingi.

La mwisho ni nani anayesikia jibu. Kijana ana risasi pajani na amekuja na mjomba wake. Mke ana koili na amekuja na mama mkwe. Mzee wa heshima amevaa hirizi kiunoni, imeshonwa kwenye ngozi, ndani mna kipande cha bati, na anayetafsiri ni mjukuu wake. Mimi nimeshuhudia hirizi ikitoka kiunoni dakika moja baada ya mjukuu kuambiwa akaulize malipo dirishani. Maswali yasomwe mgonjwa akiwa peke yake na mfasiri, kisha yarudiwe mara ya pili mlangoni na mtu mwingine. Na mara hiyo ya pili usisome tena fomu. Mwambie: "Hebu nieleze wewe, kuna nini mwilini mwako?" Halafu unyamaze, umpe muda.

Yule mzee, siku aliyokuja kuchukua majibu ya CT, nilikuwepo. Nilimpa fomu mpya aisome. Akavaa miwani, akaisoma polepole kwa sauti, akafika kwenye swali la waya ulioachwa, akalirudia. Kisha akachukua kalamu yangu na kuandika pembeni, kwa mwandiko wa shule za zamani: "na meno?"

Meno sikuwa nimeyaweka. Meno ya bandia ya kuvua, yale yenye kishikizo cha waya. Yameongezwa, ni swali la 9 katika nakala mtakazozikuta pale mlangoni.